Mfululizo wa kujumlisha na kutoa: ukate kwenye kipande cha ngapi ili jibu litoshe?

Swali huwa linakuja hivi: tafuta integrali ya e^(-x²) kuanzia 0 hadi 1, jibu liwe sahihi hadi sehemu mbili za desimali. Mtu anakaa, anajaribu kubadilisha herufi, anajaribu kugawa sehemu mbili mbili, hakuna kinachotoka, na hakitatoka hata akikesha, maana kazi ya Liouville ya karne ya 19 ilishafunga huo mjadala kwamba hii haina fomula ya kumalizia kwa zile fanksheni zetu tulizozoea za sini, logi, vipeo na mizizi. Na si kitu cha ajabuajabu tu cha kutesea wanafunzi, ndo umbo la ile kengele ya takwimu, kwa hiyo namba yake inatakiwa kila siku.

Njia iliyobaki ni kuivunja vipande. Tunajua e^t = 1 + t + t²/2! + t³/3! + ... inaendelea bila mwisho, sasa mahali pa t weka -x² na unapata

```
e^(-x²) = 1 - x² + x⁴/2! - x⁶/3! + x⁸/4! - ...
```

Kila kipande hapo ni x yenye kipeo, na integrali ya x^(2n) kutoka 0 hadi 1 ni 1/(2n+1) tu, basi. Kwa hiyo jibu letu ni

```
1 - 1/3 + 1/10 - 1/42 + 1/216 - 1/1320 + 1/9360 - 1/75600 + ...
```

ambapo kila namba ya chini ni (2n+1) mara n faktoria, ukianza na n = 0. Mpaka hapa wengi wanafika vizuri. Shida inaanza kwenye zile nukta tatu za mwisho, manake huwezi kujumlisha vipande visivyoisha, lazima ukate mahali, na ukikata unabaki na kosa, na swali linakuuliza kosa hilo ni kubwa kiasi gani wakati jibu la kweli hulijui. Ukisikia hivyo unaweza kudhani haiwezekani, utapimaje umbali wa kitu usichokijua kilipo?

Sasa angalia jumla zinavyotembea. Kipande kimoja: 1. Viwili: 0.666667. Vitatu: 0.766667. Vinne: 0.742857. Vitano: 0.747487. Sita: 0.746729. Inaruka juu inashuka chini, na kila mruko ni mfupi kuliko uliopita. Jumla zinazoishia na kuongeza (1, 0.766667, 0.747487) zote ziko juu na zinashuka, zinazoishia na kutoa (0.666667, 0.742857, 0.746729) zote ziko chini na zinapanda. Ni kama watu wawili wanapatana bei, muuzaji anapunguza kidogo, mnunuzi anaongeza kidogo, na bei ya kweli lazima iwe katikati ya neno la mwisho la huyu na neno la mwisho la yule.

Kwa nini lazima iwe katikati? Chukua kile ulichokiacha ulipokata, tuite baki. Tuseme umekata baada ya vipande vinne, basi baki ni 1/216 - 1/1320 + 1/9360 - 1/75600 + ... Kwanza vipange viwiliviwili kuanzia mwanzo: (1/216 - 1/1320) + (1/9360 - 1/75600) + ..., kila mabano ni chanya kwa sababu cha kwanza ni kikubwa kuliko cha pili, kwa hiyo baki ni chanya. Afu vipange tena lakini cha kwanza kiache peke yake: 1/216 - (1/1320 - 1/9360) - ..., hapa kila mabano ni chanya vilevile ila yanatolewa, kwa hiyo baki haliwezi kuvuka 1/216. Basi imeisha. Baki liko kati ya sifuri na 1/216, bila wewe kujua jibu lenyewe ni ngapi. Hiyo ndo kanuni nzima, na inahusishwa na jina la Leibniz: kosa haliwezi kuzidi kipande cha kwanza ulichokiacha, na upande wa kosa unajulikana kwa alama ya hicho kipande. Kama ulichoacha ni cha kuongeza basi uko chini ya jibu, kama ni cha kutoa uko juu.

Hicho kitu cha upande watu wanakisahau sana, wanabeba ukubwa tu, na ndo maana wanapigwa na swali letu. Tulifanye sasa.

Sehemu mbili za desimali. Kawaida tunaambiwa kosa liwe chini ya 0.005, nusu ya 0.01. Tunatafuta kipande cha kwanza kilicho chini ya hapo: 1/42 ni 0.0238, bado, 1/216 ni 0.00463, hiki hapa. Kwa hiyo tunakiacha hicho na vyote vya baada yake, tunajumlisha vinne vya mwanzo, tunapata 0.742857, tunakadiria, tunaandika 0.74 na kupiga mstari chini.

Na ni kosa. Thamani ya kweli ni 0.746824..., ambayo ukiikadiria kwa sehemu mbili ni 0.75. Kanuni haijadanganya hata kidogo, ilisema tuko mbali na jibu kwa chini ya 0.00463 na kweli tuko mbali kwa 0.00397. Kilichotokea ni kwamba swali lilikuwa na mambo mawili tukayafanya moja: kosa kuwa chini ya 0.005 ni jambo moja, na tarakimu mbili kuwa zenyewe baada ya kukadiria ni jambo lingine. Jumla yetu na jibu la kweli zote zipo ndani ya umbali unaoruhusiwa, ila katikati yao kuna mpaka wa 0.745, na huo mpaka ndo unaoamua kama utaandika 0.74 au 0.75.

Hapa ndo upande wa kosa unapookoa. Badala ya kusema "0.742857 na kosa lisilozidi 0.00463", andika ncha zote mbili: jibu lipo kati ya 0.742857 na 0.747487, yaani kati ya jumla ya vinne na jumla ya vitano. Kadiria ncha ya chini, 0.74. Kadiria ya juu, 0.75. Hazikubaliani, kwa hiyo bado hujamaliza, na umejua hivyo bila kuchungulia jibu popote. Ongeza kipande: sasa ncha ni 0.746729 na 0.747487, zote mbili zinakadiriwa 0.75, maliza. Yaani vipande vitano vinatosha na ncha ya pili unaipata kwa kuangalia cha sita. Ukitaka sehemu nne ni vilevile: kosa chini ya 0.00005, 1/9360 ni 0.000107 haijafika, 1/75600 ni 0.0000132 imefika, jumlisha vyote kabla ya hicho, vipo saba, unapata 0.746836, na ncha nyingine ni 0.746823, zote zinatoa 0.7468.

Mimi kwa maoni yangu kukadiria kwa kutumia 0.005 peke yake kungefundishwa kama hatua ya kwanza tu ya kujua uanzie wapi kuangalia, afu ncha mbili ndo zitoe hukumu. Ila ukikuta swali limeandikwa "kosa lisizidi 0.005" bila kutaja sehemu za desimali, hapo vipande vinne ni jibu halali kabisa na 0.742857 usiikadirie, iache ilivyo, maana ukiikadiria kuwa 0.74 umeongeza kosa lako mwenyewe na sasa uko mbali kwa 0.0068. Soma swali linataka nini kati ya hivyo viwili.

Kuhesabu vipande nako kuna mtego wake mdogo, sitakaa sana hapo. Mfululizo wetu unaanza n = 0, kwa hiyo 1/75600 yenye n = 7 ni kipande cha nane, na ukiacha hicho umejumlisha saba. Mwingine unaanza n = 1, hapo ukiacha cha n = 8 umejumlisha saba. Usikariri "n+1" ya kitabuni, jiulize tu kipande gani ndo cha kwanza nilichokiacha na kabla yake vipo vingapi.

Kama una kompyuta mkononi, kazi yote ni hii:

```python
def kata(a, kosa):
    s, n = 0.0, 0
    while a(n) > kosa:
        s += (-1)**n * a(n)
        n += 1
    return n, s, s + (-1)**n * a(n)
```

Inakurudishia idadi ya vipande na ncha mbili. Ukiipa a ya mfululizo wetu na kosa 0.005 itasema 4, 0.742857 na 0.747487, halafu wewe ndo unaangalia kama ncha zinakubaliana. Yenyewe haiangalii, na pia haiangalii kama masharti yametimia, hilo tunalifikia sasa hivi.

Rudi kwenye yale mabano. Kila kitu kilisimama juu ya mambo mawili, kwamba alama zinapishana moja baada ya nyingine, na kwamba kuanzia pale ulipokata kila kipande ni kidogo kuliko kilichotangulia, vikishuka kuelekea sifuri. Likikosekana moja, hakuna ruhusa ya kutumia kipande kinachofuata kama kipimo cha kosa, na kinachotokea si kukosea kidogo.

La alama ndo linavunjwa zaidi, mtu anazoea kanuni afu anaibeba kila mahali. Chukua 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 + ... yenye jumla ya 1.644934 (ni π²/6). Vipande kumi vinatoa 1.549768, kipande kinachofuata ni 1/121, kama 0.0083, mtu anasema kosa langu ni chini ya 0.0083. Kosa halisi ni 0.0952, zaidi ya mara kumi ya alivyosema. Kwa nini, kwa sababu hapa kila kilichoachwa kinasukuma upande uleule, vidogovidogo vinarundikana, hakuna cha kukirudisha. Weka alama za kupishana kwenye namba zilezile, 1 - 1/4 + 1/9 - ..., vipande kumi vinatoa 0.817962, jumla ya kweli ni 0.822467, kosa ni 0.0045, na hapo 0.0083 ni kipimo halali. Namba zilezile, tofauti ni alama tu. Kwa ule wa chanya tupu unatumia njia nyingine, ya kulinganisha na integrali, si hii.

La kupungua ni gumu kidogo kuliona kwa macho. Tazama huu: 2 - 1 + 1 - 1/2 + 2/3 - 1/3 + 2/4 - 1/4 + ... Alama zinapishana safi kabisa, vipande vinaelekea sifuri, mtu mwenye haraka anapitisha. Lakini jumlisha viwiliviwili: 2 - 1 ni 1, 1 - 1/2 ni 1/2, 2/3 - 1/3 ni 1/3, 2/4 - 1/4 ni 1/4, kumbe unajumlisha 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + ..., na hiyo haina mwisho, inapanda milele. Kosa la kukata popote pale halina kipimo kabisa. Dalili ilikuwepo, baada ya 1/2 kilifuata 2/3, kikubwa kuliko kilichotangulia, na hiyo inajirudia mpaka mbali. Kwa hiyo "vinaelekea sifuri" haitoshi, lazima vielekee kwa kushuka kila hatua. Kwa mfululizo wetu wa integrali hili ni rahisi, namba za chini 1, 3, 10, 42, 216 zinakua tu, kila moja ni ile iliyopita ikizidishwa na kitu kikubwa kuliko moja.

Kuna hali ya katikati, vipande vinapanda kwanza afu ndo vinaanza kushuka. Mfano e^(-10), ambayo ni 1 - 10 + 50 - 166.67 + ..., vinapanda mpaka 2755.73 vikifika n = 9 na n = 10, hapo vinalingana, baada ya hapo vinashuka kwa kasi. Kanuni inaruhusu, sharti ni vishuke kuanzia pale ulipokata, vya mwanzo havina neno kwa sababu vipo ndani ya jumla tayari. Ukitaka kosa chini ya 0.000001 unaenda hadi n = 36, vipande 37, kwa kuwa cha n = 37 ni kama 0.0000007. Kwenye karatasi iko safi. Ila jibu ni 0.0000454, na unalitafuta kwa kutoa na kujumlisha namba za elfu mbili mia saba, sasa kama kalkuleta yako inashika tarakimu kumi, kwenye 2755.731922 tarakimu ya mwisho ni ya sehemu ya sita ya desimali, kila kipande kikubwa kinakuja na uchafu wake wa kukadiriwa, na uchafu huo unakula tarakimu zako kabla hata ya baki kuhusika. Kanuni ya baki inapima kosa la kukata tu, kosa la kalkuleta haliijui. Hapa dawa ni nyepesi, tafuta e^10 kwa mfululizo wake wa chanya tupu afu gawa moja kwa hiyo.

Upande mwingine, kuna pale kanuni iko sahihi lakini inakuchosha bure. Mfano maarufu ni π = 4 - 4/3 + 4/5 - 4/7 + ..., mfululizo ambao Ulaya unaitwa wa Leibniz ila wanahisabati wa Kerala kusini mwa India walikuwa nao mapema zaidi, na wao waliutaja kuwa wa Madhava, mtu wa karne ya 14. Uliza vipande vingapi ili kosa lisizidi 0.00005: tunataka 4/(2n+1) isizidi hapo, yaani 2n+1 isipungue 80000, n ya kwanza ni 40000, na kwa kuwa tumeanza na sifuri unajumlisha vipande 40000. Arobaini elfu kwa kitu kama sehemu nne za desimali! Linganisha na vipande saba vya integrali yetu. Tofauti ni faktoria, kule chini kuna n! inayolipuka, huku kuna 2n+1 inayotembea kwa miguu.

Na kwa kweli 40000 ni dhamana, si hitaji. Vipande vinaposhuka polepole namna hii, baki halikaribii kipande kizima kilichoachwa, linakaa karibu na nusu yake. Jaribu kwa kumi: jumla ni 3.041840, kipande kinachofuata ni 4/21 ambayo ni 0.190476, kosa la kweli ni 0.099753, kidogo juu ya nusu. Ni kwa sababu kila mruko wa kwenda na wa kurudi karibu ni sawa, basi jibu linakaa karibu katikati. Kwa hiyo vipande kama 20000 vingetosha, ila kusema hivyo unahitaji hoja ya ziada, kanuni ya kipande kinachofuata peke yake haikupi. Kwa integrali yetu hiyo nusu haipo kabisa, kosa la 0.00397 ni asilimia 86 ya 0.00463, kwa sababu kinachofuata baada ya 1/216 ni kidogo mno hakina nguvu ya kurudisha.

Basi kama baki ni karibu nusu, kwa nini usiiongeze tu hiyo nusu? Chukua katikati ya jumla ya kumi na ya kumi na moja, 3.041840 na 3.232316, unapata 3.137078, kosa limeshuka kutoka 0.0998 hadi 0.0045 kwa kazi ya mstari mmoja. Watu wa Kerala walienda mbali zaidi, walikuwa na masahihisho ya kuongezea mwishoni kulingana na idadi ya vipande, na lile jepesi kabisa kwa π ni kuongeza au kutoa 1/N ukishajumlisha vipande N. Kwa kumi ni 0.1, tuliishia na kutoa kwa hiyo tuko chini, tunaongeza: 3.141840. Kosa 0.00025. Vipande kumi na sahihisho moja vinakupa kile ambacho kwa kujumlisha tu ungehitaji vipande kama elfu nne.

Ila ukifanya ujanja huo kwenye mtihani wa "vipande vingapi vinatosha", andika kwanza jibu la kanuni, 40000, ndo linalodhaminiwa na walichokuuliza.